Staa Katupa Maembe, Kapiga Picha na Juisi: Sukari ni Ile Ile, Ila Njia ya Kufika Kwenye Ini Siyo Moja

Mrembo mmoja mwenye jina kubwa kwenye bongo fleva alijirekodi jikoni kwake akitoa maembe kwenye friji, moja baada ya jingine, na kuyatia kwenye mfuko wa dada wa kazi. "Jamani, sukari ni sukari tu," akasema. Akaeleza kwamba anapunguza tumbo kabla ya kushuti video mpya, kwa hiyo tunda lolote tamu halitapita mdomoni kwake.

Siku tatu baadaye ukurasa ule ule ukapandisha picha nyingine. Mdada kashika chupa ya juisi ya embe, chupa inatoka jasho la baridi, kapsheni inasema ni ya asili kabisa na inampa nguvu ya mazoezi.

Watu wa mtandaoni hawana dogo. "Kumbe embe likiingia kwenye chupa linaacha kuwa sukari?" mmoja akauliza, na likes zikamiminika. Mashabiki wake wakaja juu: dada anatafuta ridhiki yake, wenye chuki wakalale. Ugomvi ukahamia kwenye kope za bandia na mambo ya ex, kama kawaida, na swali lenyewe likaachwa njiani.

Katikati ya zogo hilo kulikuwa na komenti moja ambayo karibu hakuna aliyeisimamia. Binti mmoja aliandika: "Dada samahani, mama yangu ana kisukari mwaka wa nne sasa. Huwa anakula kipande cha papai asubuhi. Kwa ulivyosema, nimwachishe papai nimpe hiyo juisi?"

Hapo ndo utani unapoisha. Kwa staa, hii ni posti ya matangazo na kesho kutakuwa na nyingine. Kwa yule mama, ni kitu kitakachoingia tumboni kila asubuhi. Na jibu la binti ni hapana, tena mara mbili: asimwachishe papai, na asimpe hiyo juisi.

Ili haki itendeke, mrembo hakudanganya kabisa. Ukipeleka embe na sukari ya dukani maabara, kinachopatikana ni vitu vile vile. Sukari ya mezani, ile inayokorogwa kwenye chai, ni sukrozi, yaani glukozi moja na fruktozi moja zilizoshikana mikono. Ikifika kwenye utumbo mwembamba inakatwa katikati, kila moja inakwenda zake. Embe nalo lina sukrozi, lina glukozi na lina fruktozi. Fruktozi ya kwenye embe haijabarikiwa zaidi ya ile ya kwenye mfuko wa kilo. Ni chembe ile ile, na mwili hauulizi imetoka shambani au kiwandani.

Kinachobadilika ni vitu viwili: zimeingia nyingi kiasi gani, na zimeingia kwa kasi gani. Hapo ndipo embe la kutafuna na juisi ya embe vinapoachana, tena vinaachana vibaya.

Glukozi ni kama pesa taslimu, inapokelewa kila mahali. Ubongo unaitumia, misuli inaitumia, moyo unaitumia. Ikipanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini na mlango wa misuli unafunguka. Ini linachukua sehemu yake na kuiacha nyingine ipite iende kwa wenzake. Isitoshe, ndani ya ini kuna kama geti la ukaguzi. Seli zikiwa na nishati ya kutosha, geti linabana na glukozi haisagwi ovyo.

Fruktozi ina tabia nyingine. Misuli na ubongo haviipokei kwa kiasi cha maana. Kazi kubwa ya kuishughulikia inabaki kwa utumbo wenyewe na ini. Na ikiingia kwenye ini inapita njia ya uchochoroni, inatokea mbele ya lile geti la ukaguzi. Ini likiwa limeshiba au lina njaa, fruktozi inashughulikiwa tu, tena haraka. Sehemu yake inageuzwa glukozi, sehemu inawekwa akiba, na kama akiba imeshajaa na fruktozi bado inamiminika, sehemu inageuzwa mafuta. Mafuta mengine yanatoka kwenda kwenye damu, mengine yanabaki pale pale kwenye ini. Njiani humo humo inazalishwa asidi ya yuriki, ile inayohusishwa na gauti.

Lakini ini halipokei kila kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwa kutumia panya kwamba fruktozi ikiingia kidogo kidogo, utumbo mwembamba wenyewe unaigeuza kuwa glukozi na vitu vingine kabla haijafika mbali. Ikija nyingi kwa mkupuo, utumbo unazidiwa na iliyobaki inafurika kwenda kwenye ini. Panya siyo mtu, na kiwango cha mtu hakiwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwa panya. Ila picha inaeleweka: utumbo ni kama mlinzi wa mlangoni, anakagua watu wawili watatu vizuri tu, wakija mia kwa pamoja anasukumwa pembeni.

Sasa turudi kwenye embe.

Embe la wastani likimenywa na kokwa kutolewa linaweza kubaki na nyama ya gramu 200 hivi. Ndani yake kuna sukari kama gramu 27, na ukihesabu na ile iliyofichwa kwenye sukrozi, fruktozi ni kama gramu 16. Siyo kidogo hata kidogo. Anayesema matunda hayana sukari anadanganya watu. Lakini sukari hiyo imefungiwa ndani ya kuta za seli za embe, pamoja na maji na nyuzinyuzi. Lazima limenywe, litafunwe, linyonywe hadi kokwa, mikono ichafuke, nyuzi zinase kwenye meno. Tumbo linaachia mchanganyiko huo taratibu. Na mtu akimaliza embe la pili kubwa, wengi wanaona basi.

Juisi ya nyumbani inakwenda hivi. Jagi la lita 2, maembe 3 kwenye blenda, maji, chujio, halafu sukari "kidogo". Ile kidogo ya Kiswahili, ukiipima kwenye mizani, mara nyingi ni robo kilo. Jagi likigawanywa glasi 6 kubwa, kila glasi inapata gramu 42 za sukari ya mfuko, ambayo ni zaidi ya vijiko 10 vya chai. Nusu yake, gramu 21, ni fruktozi. Juu yake weka sukari ya embe lenyewe, na embe la kila glasi ni nusu tu. Jumla ya glasi moja inakaribia gramu 56 za sukari, na fruktozi inakaribia gramu 29.

Kwa hiyo aliyekunywa glasi ile kapata nusu embe, lakini kapata sukari ya maembe mawili. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio na zimeshatupwa. Na glasi imekwisha ndani ya dakika moja, kabla hata wali haujapakuliwa. Kisha anaongezewa, maana kukataa kwa mwenyeji ni dharau.

Soda, ambayo yule mama wa kisukari alishakatazwa hospitali, nyingi zina gramu kama 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100. Glasi ya juisi hiyo ina mililita 330 hivi. Ukipiga hesabu, juisi ya "asili" ya nyumbani imeipita soda yenyewe, tena kwa mbali. Hapa watu hukasirika, kwa sababu juisi ni upendo, juisi ni mgeni amekuja. Ila ini halijui kama kuna mgeni.

Kuna watakaosema basi tatizo ni ule mfuko wa sukari, juisi ikikamuliwa tupu haina shida. Ni afadhali, tena afadhali kubwa. Lakini siyo sawa na tunda, na hili lilishapimwa zamani sana. Mwaka 1977 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio la madaktari wa Uingereza. Walichukua watu 10 wazima wa afya na kuwapa tufaa, yaani apo, kwa namna tatu: zima la kutafuna, lililosagwa likawa uji, na juisi iliyotolewa nyuzinyuzi zote. Kila mlo ulikuwa na kiasi kile kile cha wanga, gramu 60, na hakuna kijiko cha sukari kilichoongezwa.

Juisi ilinyweka mara 11 haraka zaidi kuliko kutafuna tufaa zima. Wakasema sawa, labda ni mwendo tu, wakawafanya wote wale na kunywa kwa kasi inayolingana. Bado juisi ilishibisha kidogo kuliko uji, na uji ukashibisha kidogo kuliko tunda zima. Sukari kwenye damu ilipanda kiwango kinachokaribiana kwa namna zote tatu, na hilo huwashangaza wengi. Tofauti ilikuja baadaye. Insulini ilipanda zaidi kwa juisi na uji, kisha sukari ya wanywaji wa juisi ikaporomoka, wakati kwa waliotafuna haikuporomoka hivyo.

Huko kuporomoka ndiko mtu anakokujua bila kipimo. Kanywa juisi kubwa saa nne asubuhi, saa sita mikono inatetema, hasira bila sababu, anatafuta andazi. Kisha analaumu kazi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015 liliweka kwenye kapu moja sukari ya kuongezwa, asali, na sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda hata kama haikuongezwa kitu. Tunda zima halikuwekwa kwenye kapu hilo. Kiwango kilichopendekezwa ni chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Glasi moja ya lile jagi imeshamaliza kibali cha siku nzima. Waingereza wao huwaambia watu wao kwamba juisi isizidi mililita 150 kwa siku, yaani kikombe kidogo cha chai, siyo lile glasi la ukwaju la barabarani.

Sasa ikaja sinema ya pili. Kijana mmoja mchekeshaji, ambaye naye anauza kinywaji chake chenye utamu wa kile kinachoitwa "sukari ya matunda", akaingia laivu kumtetea mrembo. Kajichoma kidole, kapima sukari, kanywa glasi, kasubiri nusu saa, kapima tena. Namba haikusogea sana. "Mnaona sasa? Sukari ya matunda haina noma!" Maelfu wakashea.

Kipimo chake hakikuharibika na wala hakuchezesha namba. Tatizo ni kwamba kile kidude kinapima glukozi tu. Kama kinywaji kimetiwa utamu wa fruktozi zaidi, glukozi kwenye damu haitapanda sana, kwa sababu fruktozi imekwenda utumboni na kwenye ini, na huko kipimo cha kidole hakifiki. Ni sawa na kukaa mlango wa mbele kuhesabu wageni wakati wamepitia mlango wa jikoni. Bidhaa za fruktozi tupu ziliwahi kuuzwa kwa wagonjwa wa kisukari kwa hoja hii hii, na wataalamu wengi wameshaachana na ushauri huo.

Mlango wa jikoni una vipimo vyake. Ini likianza kujaa mafuta, mara nyingi haliumi wala halitoi dalili. Linaonekana kwenye picha ya ultrasaundi, au linabisha hodi kwenye vipimo vya damu vya ini na vya mafuta. Wengine hugundua kwa bahati, wamekwenda kupima kitu kingine. Na wala siyo wanene peke yao, hata mtu mwembamba mwenye kitumbo kidogo anaweza kulikuta.

Hapa pia kuna watu huvuka mpaka upande wa pili. Kwenye makundi ya diet za mitandaoni fruktozi imegeuzwa jini, mtu akila ndizi moja anaombwa atubu. Huo nao ni uongo. Fruktozi inayogeuzwa mafuta kwenye mlo mmoja ni sehemu ndogo, nyingi inageuzwa glukozi na kutumika. Madhara yanayoonekana vizuri ni pale inapoingia nyingi, kila siku, juu ya chakula ambacho tayari kimezidi. Mwanariadha anayemaliza kilomita 20 hana kesi na juisi yake. Mwenye kesi ni anayeshinda amekaa, kala chipsi mayai, kashushia na nusu lita.

Na hakuna dalili kwamba matunda mazima yanawaletea watu kisukari. Watafiti wa Harvard waliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 nchini Marekani, na kuchapisha mwaka 2013, waliona kwamba waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu na tufaa, hawakuwa na hatari zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, ilikuwa pungufu. Waliokunywa zaidi juisi ya matunda hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kilichosababisha nini, maana wala matunda huenda na mazoezi wanafanya. Lakini tunda na juisi yake kuelekea pande mbili tofauti ni jambo la kuangaliwa.

Tende ziwekwe pembeni kidogo, maana ni kavu na karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Tatu ni chakula. Zikitafunwa kama karanga mbele ya tamthilia, hesabu inarudi kule kule kwenye jagi. Na wapo watu ambao utumbo wao haupokei fruktozi vizuri, wakila embe au tikiti jingi tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Hao wanajijua, na majirani zao kitandani wanajua pia.

Blenda bila chujio je? Iko katikati, kama ule uji wa tufaa. Nyuzinyuzi zipo lakini zimekatwakatwa, na maembe matatu yanaingia kwenye glasi ambayo ingechukua nusu saa kuyatafuna.

Ushahidi mzuri kuliko wote wanao wagonjwa wa kisukari wenyewe. Sukari ikiwashuka ghafla, jasho linatoka, macho yanaona giza, wanachofundishwa ni kunywa kitu cha kuwapa kama gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano nusu glasi ya juisi, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Hawaambiwi wakae chini wamenye chungwa. Juisi inatumika pale kama dawa ya dharura kwa sababu inaingia mbio. Kitu cha kumwokoa mtu aliyeshukiwa na sukari hakiwezi kuwa kinywaji cha kila asubuhi cha mtu ambaye sukari yake ipo juu.

Kwa hiyo yule mama na aendelee na papai lake, kipande cha kiganja, atafune, na siku ya kliniki amwambie daktari wake kwamba anakula papai ili lihesabiwe pamoja na ugali na chapati. Akitaka kujua linavyomfanya yeye mwenyewe, apime kabla ya kula na apime tena saa mbili baadaye. Na kama chupa ya juisi imeshanunuliwa, igeuzwe upande wa nyuma, kwenye yale maandishi madogo, itafutwe namba ya sukari kwa mililita 100, izidishwe kwa ukubwa wa chupa nzima. Kampuni nyingi huandika za mililita 100 zikijua chupa haiachwi nusu.

Mrembo hajafuta posti. Juzi kaweka nyingine yupo bichi, chupa ile ile, ladha ya nanasi. Komenti ya binti bado ipo kule chini na staa hajaijibu, ila kuna mtu asiye na picha ya profaili kaandika chini yake: "Mwachie mama papai lake mdogo wangu. Mama yangu anakula, na kliniki wanajua."